Namba ya kifungu inapoamua hatima ya shauri

MWAKA 2006 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilipokea maombi ya kampuni ya ujenzi ya China Henan, iliyotaka uamuzi uliotangulia uangaliwe upya. Maombi hayo hayakufika mbali. Kanuni ambayo ingeipa Mahakama uwezo wa kuyasikiliza haikutajwa, na mahali pake palitajwa kanuni nyingine isiyohusika. Majaji waliona kuwa hilo si kosa dogo la uandishi, bali ni kosa linalogusa mzizi wa maombi yenyewe. Kwa hiyo yaliondolewa mahakamani kabla haijajadiliwa hoja ya nani alikuwa na haki na nani hakuwa nayo.

Uamuzi huo, ulioripotiwa kama [2006] TLR 220, ulitajwa tena na tena katika miaka iliyofuata, hasa na mawakili waliotaka kuyaangusha maombi ya upande wa pili. Wananchi wengi waliotoka mahakamani mikono mitupu katika kipindi hicho hawakuelewa kilichowapata. Walikuwa na hati za kiwanja, walikuwa na mashahidi, lakini karatasi yao ilitaja kifungu kidogo kisichokuwa chenyewe.

Swali ambalo msomaji anaweza kuuliza ni kwa nini namba chache ziwe na uzito kiasi hicho. Jibu ni kwamba mahakama haina uwezo wa kutoa amri yoyote ile inayoitaka. Uwezo wake umegawanywa na sheria, kifungu kwa kifungu. Anayeomba kuongezewa muda na anayeomba kusimamishiwa utekelezaji wa hukumu wanagonga milango miwili tofauti, ingawa jengo ni moja. Namba ya kifungu ndiyo inayoonyesha mlango unaogongwa, nayo humwezesha mpinzani kujua anajibu nini.

Tangu hapo hali imelegezwa, lakini haikufutwa. Ibara ya 107A(2)(e) ya Katiba, iliyoingizwa mwaka 2000, inazitaka mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Katika shauri la China Henan majaji walisema kutaja kanuni isiyohusika hakumo katika masharti hayo ya kiufundi. Mwaka 2017 Tangazo la Serikali Na. 362 lilirekebisha kanuni ya 48(1) ya Kanuni za Mahakama ya Rufani. Kwa marekebisho hayo, ikiwa kifungu kimeachwa au kimekosewa lakini uwezo wa kutoa amri inayoombwa upo, Mahakama inaweza kulipuuza kosa hilo na kuagiza sheria sahihi iandikwe. Mwaka uliofuata, Sheria Na. 8 ya 2018 iliongeza vifungu vinavyozitaka mahakama kutanguliza haki, wepesi na gharama nafuu.

Hata hivyo, mwaka huo huo wa 2018, katika shauri la Baraza la Kijiji cha Mondorosi dhidi ya Kampuni ya Bia Tanzania, Rufaa ya Madai Na. 66 ya 2017, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba msamaha huo hauwezi kutumiwa kwa upofu dhidi ya masharti ya lazima yanayogusa msingi wa shauri. Kwa maneno mengine, kosa la namba linaweza kusamehewa pale tu ambapo mlango sahihi upo. Asiye na mlango kabisa hapati msaada kwa sababu tu amekosea namba.

Ngazi za sheria na majina yake

Kutaja sheria kwa usahihi huanza na kujua kila ngazi inaitwaje. Katiba ina ibara. Sheria iliyotungwa na Bunge ina vifungu. Kanuni zinazotungwa na waziri au Jaji Mkuu na kutangazwa katika Gazeti la Serikali huhesabiwa kwa kanuni. Chini ya kila mojawapo kuna ngazi ndogo: ibara ndogo, kifungu kidogo au kanuni ndogo, ambazo namba zake huwekwa katika mabano. Chini yake tena kuna aya, zinazoandikwa kwa herufi ndogo ndani ya mabano.

Kwa hiyo 107A(2)(e) husomwa ibara ya 107A, ibara ndogo ya (2), aya ya (e). Alama hizo huandikwa zikiwa zimeshikana, bila nafasi kati yake, ili jicho lizione kama anwani moja. Msomaji atambue pia kwamba herufi A hapo si aya, kwani haimo katika mabano na ni kubwa. Ni ibara kamili iliyopachikwa baada ya ibara ya 107 wakati namba 108 ilikuwa imekwisha kuchukuliwa.

Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Kifungu cha 3A na kifungu cha 3(a) ni vitu viwili tofauti kabisa. Cha kwanza ni kifungu kinachojitegemea, na cha pili ni aya iliyo ndani ya kifungu cha 3. Mchapaji anayedhani anarekebisha mwandiko kwa kuiweka herufi hiyo ndani ya mabano huwa amempeleka msomaji kwenye nyumba nyingine.

Tena namba peke yake haitoshi. Sheria Na. 8 ya 2018 iliingiza kifungu cha 3A katika Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, na pia ikaingiza kifungu cha 3A katika Sheria ya Mamlaka ya Rufaa, Sura ya 141. Cha kwanza kiliihusu mahakama inayosikiliza madai, na cha pili Mahakama ya Rufani. Mwandishi anayetaja kifungu cha 3A bila jina la sheria amemwachia jaji kazi ya kukisia.

Mwaka upi?

Jambo linalowachanganya wengi zaidi ni mwaka. Sheria moja inaweza kuandamana na miaka miwili yenye maana tofauti. Tuchukue Sheria ya Ndoa. Ilipotungwa ilipewa namba katika mfululizo wa sheria za mwaka huo, ikaitwa Sheria Na. 5 ya 1971. Baadaye sheria zote za nchi zilikusanywa, marekebisho yakaingizwa ndani, kila sheria ikapewa namba ya sura, na mkusanyiko huo ukaitwa Toleo la 2002. Humo Sheria ya Ndoa ni Sura ya 29. Katika nakala za Kiingereza mwananchi huona alama Cap. 29 R.E. 2002, ambayo maana yake ni hiyo hiyo.

Mwaka 1971 hueleza sheria ilizaliwa lini. Mwaka 2002 hueleza ni maandishi yapi aliyokuwa nayo mezani mwandishi wakati anaitaja. Tofauti hiyo si ya mapambo. Kifungu kinaweza kufutwa au kurekebishwa baina ya matoleo, na zipo sheria ambazo zilitolewa upya mwaka 2019 na nyingine mwaka 2022. Toleo la 2023 la sheria zote zilizofanyiwa urekebu lilianza kutumika Julai 1, 2025, na katika baadhi ya sheria namba za vifungu zimebadilika. Mtu anayenakili namba kutoka katika hukumu ya zamani na kuibandika katika maombi ya leo anaweza kukuta namba hiyo sasa inazungumzia jambo jingine.

Mabadiliko ya aina hiyo si mageni. Mwenye kuomba kuongezewa muda katika Mahakama ya Rufani alikuwa akitaja kanuni ya 8 ya Kanuni za 1979. Zilipokuja Kanuni za 2009, kwa Tangazo la Serikali Na. 368 la mwaka huo, uwezo ule ule ulihamia kanuni ya 10. Aliyeendelea kutaja kanuni ya 8 kwa mazoea alikuwa anaomba chini ya kanuni zilizokwisha kuondolewa.

Utaratibu ulio salama ni huu: kutajwa kwa mara ya kwanza kuwe kamili, yaani jina la sheria, sura na toleo. Baada ya hapo mwandishi anaweza kusema Sheria hiyo, mradi hakuna sheria nyingine iliyoingia katikati. Na kama tukio linalobishaniwa lilitokea kabla ya toleo la sasa, itajwe sheria kama ilivyokuwa siku ya tukio, kisha ionyeshwe namba yake mpya.

Jina la shauri si anwani

Katika maamuzi ya mahakama, kosa la kawaida ni kutaja jina la mtu na kuishia hapo. Hasara yake inaonekana vizuri katika kile kinachoitwa kwa mazoea shauri la Mtikila, kuhusu haki ya mgombea binafsi.

Mchungaji Christopher Mtikila alifungua Shauri la Madai Na. 5 la 1993 katika Mahakama Kuu ya Dodoma. Uamuzi ulitolewa mwaka 1994, na ukachapishwa katika Ripoti za Sheria za Tanzania za mwaka 1995, ukianzia ukurasa wa 31. Ndiyo sababu huandikwa Mtikila dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali [1995] TLR 31. Shauri moja limebeba miaka mitatu: mwaka wa kufunguliwa, mwaka wa kuamuliwa na mwaka wa kuchapishwa. Ule uliomo katika mabano ya mraba ni mwaka wa kitabu. Anayeingia maktaba kutafuta kitabu cha 1993 hatalipata.

Katika uamuzi huo Mahakama Kuu iliona kuwa mwananchi anaweza kugombea bila chama. Bunge likabadili Katiba kwa Sheria Na. 34 ya 1994. Mtikila akarudi Mahakama Kuu, safari hii Dar es Salaam, kwa Shauri Na. 10 la 2005, akashinda tena mwaka 2006. Serikali ikakata rufaa, na Juni 2010, katika Rufaa ya Madai Na. 45 ya 2009, Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi huo. Juni 14, 2013, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yenye makao yake Arusha ikaamua kwamba Tanzania ilikuwa imekiuka Mkataba wa Afrika katika suala hilo hilo.

Hayo ni maamuzi manne yenye jina la mtu mmoja juu ya suala moja, na hayasemi jambo moja. Wakili au mwandishi wa habari anayesema kwamba shauri la Mtikila liliruhusu mgombea binafsi anaweza kuwa mkweli na mpotoshaji kwa wakati mmoja, kutegemea amekusudia lipi. Ni mahakama, namba na mwaka vinavyomwezesha msomaji kujua kama uamuzi anaopewa bado umesimama au ulitenguliwa na mahakama ya juu.

Maamuzi mengi ya mahakama zetu hayamo katika vitabu vya ripoti. Hayo hutajwa kwa majina ya wahusika, aina na namba ya shauri, mahakama na kituo chake, na tarehe ya uamuzi, kisha huongezwa kwamba hayajaripotiwa. Siku hizi mengi hupatikana katika tovuti ya TanzLII, ambako kila uamuzi hupewa alama isiyotegemea kitabu chochote. Alama TZCA ni ya Mahakama ya Rufani na TZHC ni ya Mahakama Kuu. Kwa kuwa alama hizo hazina ukurasa wa kitabu, mwenye kunukuu hoja fulani anapaswa kueleza ipo ukurasa wa ngapi wa hukumu iliyochapwa.

Herufi zinazofuata mwaka nazo zina habari. Kanuni maarufu kuhusu pingamizi la awali hutajwa kwa shauri la Mukisa Biscuit dhidi ya West End Distributors [1969] EA 696. Herufi EA huonyesha ripoti za Afrika Mashariki, zilizokusanya maamuzi ya eneo zima. Hilo ni shauri kutoka Uganda, na wakili anayelitafuta katika ripoti za Tanzania atapoteza siku nzima.

Mfano mmoja hatua kwa hatua

Tuseme mama mdogo wa binti wa miaka 14 anataka kumwandikia Ofisa Ustawi wa Jamii wa wilaya kupinga ndoa inayopangwa na ndugu. Amesikia redioni kwamba mahakama ilikataa ndoa za utotoni, naye anaandika: “Kifungu cha 13 kinakataza, na Rebeca alishinda.” Maneno hayo yana ukweli, lakini hayamsaidii, kwa kuwa hayaonyeshi pa kuangalia.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha vitabu viwili vyenye namba moja. Ibara ya 13(1) ya Katiba husema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Kifungu cha 13(1) cha Sheria ya Ndoa kiliweka umri wa kuoa au kuolewa. Vyote viwili ni 13(1), na vyote vinahusika na mabishano haya. Neno ibara au kifungu lililotangulia namba ndilo pekee linalovitenganisha.

Hatua ya pili ni kushuka hadi ngazi ya mwisho. Katika Sheria ya Ndoa, Sura ya 29, Toleo la 2002, kifungu cha 13(1) kilisema mwanamume asioe kabla ya miaka 18 na mwanamke asiolewe kabla ya miaka 15. Anayekomea hapo ataona binti wa miaka 14 amelindwa. Lakini kifungu kidogo cha (2) kiliipa mahakama uwezo wa kuruhusu ndoa ya walio chini ya umri huo. Aya ya (a) ilitaka kila mmoja wao awe ametimiza miaka 14, na aya ya (b) ilitaka mahakama iridhike kwamba kuna mazingira maalumu. Kwa hiyo aliyetaja kifungu cha 13 kwa ujumla amemkabidhi mpinzani wake silaha, kwani ndani ya namba hiyo hiyo mna katazo na mna ruhusa. Kifungu cha 17 nacho kilihusu idhini ya mzazi kwa msichana aliye chini ya miaka 18.

Hatua ya tatu ni kuutaja uamuzi. Rebeca Gyumi alishinda kwanza Mahakama Kuu Julai 2016, katika Shauri Mchanganyiko la Madai Na. 5 la 2016. Mahakama hiyo ilisema vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume cha Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ilikata rufaa. Akitaja uamuzi wa 2016 peke yake, mama huyu anaweza kuulizwa rufaa iliishaje. Ni bora ataje uamuzi wa juu, ambao uliitupa rufaa hiyo na kuubakiza ushindi.

Maneno yake sasa yanaweza kusomeka hivi: “Ruhusa iliyokuwa katika kifungu cha 13(2)(a) cha Sheria ya Ndoa, Sura ya 29, Toleo la 2002, imo ndani ya vifungu vilivyoamuliwa kuwa kinyume cha Katiba katika shauri la Mwanasheria Mkuu wa Serikali dhidi ya Rebeca Gyumi, Rufaa ya Madai Na. 204 ya 2017, Mahakama ya Rufani, Dar es Salaam, Oktoba 23, 2019.”

Barua hiyo imeongezeka mistari michache tu. Lakini ofisa anayeipokea anaweza kuifungua hukumu na kuisoma mwenyewe, na ndugu wanaopanga ndoa hawawezi tena kujificha nyuma ya namba. Kabla ya kuituma, mama huyo anabakiza jambo moja, nalo ni kulinganisha kifungu hicho na toleo la sheria linalotumika siku anapoandika, na kueleza iwapo namba au maneno yamebadilika.

Dalili za kosa

Asiye mwanasheria anaweza kugundua marejeo mabovu bila kusomea sheria. Kama kuna namba ya kifungu lakini hakuna jina la sheria, kuna kasoro. Kama kuna sura bila toleo, hajulikani anasoma maandishi ya mwaka gani. Kama waraka mmoja unaandika 13(2)(a) mahali pamoja na 13.2a mahali pengine, huenda mwandishi amenakili kutoka vyanzo viwili bila kuvifungua. Kama shauri limetajwa kwa jina la mtu pekee, iulizwe ni mahakama ipi na mwaka gani.

Kipimo cha mwisho ni kumpa mtu mwingine karatasi hiyo na kumwomba afike kwenye maneno yaliyokusudiwa bila kuuliza swali. Akifika, marejeo yamekamilika. Akikwama, jaji naye anaweza kukwama hapo hapo, na gharama ya kukwama huko hailipwi na mchapaji wa waraka, bali na mwenye shauri.